Moto wa umeme nyumbani: ndoo ya maji, mtungi wa poda au wa CO2? Kwanza mein swichi

Shangazi yangu anakaa Mikindani, na mwaka juzi mwezi wa kumi, korosho zimeshaanza kuokotwa na sebuleni kwake kuna magunia manne yanasubiri kupelekwa chama cha msingi, moto ulimtokea nyuma ya kochi kwenye ekstensheni. Mimi kazi yangu ni waya za majumbani, Mtwara mjini na huko Mikindani, kwahiyo nilivyofika baadaye nilikaa nikawauliza kimoja kimoja nani alifanya nini na moto ulijibu vipi, manake ndani ya ile robo saa nyumba moja ilitumia mein swichi, mtungi wa poda na ndoo za maji, na kila kimoja kilionyesha uwezo wake na pale kinaposhindwa. Nataka niwape huo ulinganisho vizuri kwasababu watu wengi wananiuliza ninunue mtungi gani, na mimi huwa najibu kwa kuuliza: mein swichi yako iko wapi, na usiku gizani unaifikia?

Kwanza moto wenyewe ulianzaje. Ekstensheni moja ya kawaida, imepita chini ya kochi na waya uliobaki umekunjwakunjwa hapohapo nyuma. Imechomekwa friji, TV, jagi la kuchemshia maji na pasi. Jagi lile wati 2000, pasi 1200, friji tuseme 150 na TV 100, jumla 3450, ukigawa kwa volti 230 unapata ampea 15. Plagi ya ekstensheni ndani ina fyuzi ya 13. Sasa watu wanadhani 15 ikipita kwenye fyuzi ya 13 fyuzi inakatika palepale, haikatiki jamani, fyuzi ile inaweza kubeba hiyo ziada masaa na masaa, na breka ya soketi kule kwenye boksi ni ya 20 au 32 kwahiyo nayo haina habari. Waya mwembamba uliokunjwa chini ya kochi hauna pa kutolea joto, plastiki inalainika, nyaya zinagusana, ndo shoti.

Dalili ilikuwepo tangu mchana. Shangazi alisikia harufu kama ya samaki, ila Mikindani harufu ya samaki nani ataishangaa, jirani anakaanga. Naomba mlishike hili mnaokaa pwani: plastiki ngumu za soketi, plagi na breka zikipata joto sana mara nyingi zinatoa harufu ya samaki kabla hazijatoa harufu ya kuungua. Ukisikia samaki ndani na jikoni hakuna samaki, zungukia soketi zote uziguse kwa mgongo wa mkono, iliyo ya moto zima breka yake.

Jioni moto ukatokea. Mtoto wa shangazi, kijana wa miaka kumi na tisa, akaona mwali nyuma ya kochi na pazia linaanza kushika, akakimbilia ndoo. Shangazi akampigia kelele: "Weka hiyo ndoo mwanangu! Kazime umeme kwanza!" Na ninavyoamini mimi hiyo sentensi moja ndiyo iliyomwokoa yule kijana, manake ekstensheni ilikuwa bado ina umeme, na sakafu ya sebule ni saruji, na yeye alikuwa peku.

Sasa tulinganishe. Ndoo ya maji kwenye moto ambao bado una umeme, inakuwaje? Maji yanapitisha umeme, na maji ya kwetu zaidi, visima vingi vya ukanda huu vina chumvi na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita kirahisi, ila hata maji matamu ya bomba usiyaamini. Ukimwaga ndoo ule mkondo wa maji unaweza kuwa waya kati ya soketi na mkono wako, na hata usipopigwa wakati wa kumwaga, maji yanatambaa sakafuni mpaka chini ya miguu yako, umesimama kwenye dimbwi lililounganishwa na waya uliochubuka. Afu maji yakiingia kwenye soketi nyingine yanaweza kuleta shoti mpya pale ambapo hapakuwa na moto. Kwahiyo maji kwa moto wenye umeme ni hapana, iwe ndoo, iwe mpira wa bustani, iwe blanketi lililoloweshwa, na mchanga wa pwani uliolowa nao ni hivohivo. Mchanga mkavu kabisa unaweza kufunika mwali mdogo ulioko sakafuni, ila kwenye soketi ya ukutani utaumwagaje.

Na mtungi wa povu nao uweke upande wa maji. Povu lile sehemu kubwa ni maji. Ipo mitungi ya povu iliyopimwa kwa umeme na imeandikwa hivyo kwenye lebo, lakini usipoiona hiyo lebo usibahatishe.

Mtungi wa poda, ule ambao lebo yake ina herufi ABC, poda yake haipitishi umeme kwahiyo unaweza kuutumia hata kama bado hujakata umeme, ukisimama mbali kidogo, mita mbili hivi. Unavuta pini, unaelekeza mdomo chini kwenye kiini cha moto (sio kwenye ncha za mwali kule juu), unabana kishikio, unafagia kushoto na kulia. Ubaya wake ni muda. Mtungi wa kilo 1, huu ambao watu wengi wanao kwenye gari, unatoa poda sekunde 8 mpaka 10 hivi basi umeisha. Nafasi ya kujifunza hapo hakuna, ukianza kubana ukiwa mbali mno imepotea. Wa kilo 6 unakupa kama sekunde 15 mpaka 20, ila ni mzito, bibi wa miaka sabini hauwezi. Jambo jingine, poda ndani ya chumba kidogo ni wingu zito, huoni mlango na kifua kinabana, kwahiyo kabla hujabana hakikisha mlango wa kutokea uko nyuma ya mgongo wako na sio ng'ambo ya moto.

Halafu soma herufi. Baadhi ya mitungi midogo ya gari ni BC tu bila A. Hiyo inazima mafuta ya kimiminika na gesi na haipitishi umeme, lakini kwenye kochi, pazia na godoro haishiki vizuri, na moto wa umeme wa nyumbani baada ya dakika mbili unakuwa ni moto wa kochi na pazia. Kwahiyo nyumbani taka ABC.

Mtungi wa CO2, huu wenye koni nyeusi kama tarumbeta, unatoa gesi inayoifukuza hewa ya oksijeni kwenye mwali. Haupitishi umeme, hauachi hata chembe, ukizima boksi la umeme au kompyuta hakuna cha kufagia. Kwa vifaa hakuna kinachoushinda. Ila lazima usogee karibu, kama mita moja mpaka moja na nusu, manake gesi ikitoka inatawanyika upesi, na kwenye baraza yenye upepo wa bahari inapeperuka kabla haijafanya kazi. Wa kilo 2 unaisha kwa sekunde 10 hivi. Usiishike ile koni kwa mkono wakati unatoa gesi, baridi yake inaunguza ngozi kama moto. Na chumba kidogo kilichofungwa, stoo au chumba cha inveta, ukishapuliza toka nje, manake gesi hiyohiyo inayounyima moto hewa inakunyima na wewe. Kubwa zaidi ni kwamba CO2 haipoozi. Ikishatawanyika, kama kitu kilichoungua bado kina joto, au waya bado una umeme unaochapa cheche, mwali unarudi.

Hapo ndo nataka mtulie kidogo, kwasababu sio CO2 tu. Poda pia inazima mwali, haipoozi sponji. Na huu ndio ubaya uliotokea Mikindani. Kijana alikimbia akazima mein swichi koridoni, taa zote zikazimika, akachukua tochi ya simu na mtungi wa poda wa kilo moja wa gari ya mjomba, akapiga. Mwali ukafa kwa sekunde chache, pazia na ekstensheni vyote kimya, kila mtu anashukuru. Wamekaa nje kama dakika tano, moshi tena. Sponji ya kochi ilikuwa inafukuta ndani kwa ndani kama kaa lililofunikwa na majivu. Mtungi umeshaisha. Sasa hapo ndipo ndoo ya maji ilipopata zamu yake, na hapo ilikuwa halali kabisa, kwasababu umeme umekatwa: walimwaga ndoo tatu, wakachana kitambaa cha kochi kwa kisu wakamwaga ndani kwenyewe, wakalivuta kochi mpaka uani. Hiyo ndiyo iliyomaliza moto. Mjomba kabla ya yote hayo alikuwa ameshayavuta magunia ya korosho mpaka barazani, na alifanya la maana sana, maganda ya korosho yana mafuta yanayowaka vibaya na moshi wake unawasha macho na koo.

Kwahiyo ukiniuliza kipi bora, maji au mtungi, swali halijakaa sawa mpaka useme umeme umekatwa au bado. Ukiwa bado, chagua kati ya poda ya ABC na CO2, maji yasisogezwe. Ukishakatwa, moto ule sio wa umeme tena, ni moto wa mbao, nguo na sponji, na kwa hivyo hakuna mtungi wa nyumbani unaoshinda ndoo tatu za maji kwa kupooza.

Sasa kukata kwenyewe. Kama moto ni mdogo na bado unaona soketi yake haijayeyuka, zima swichi ya soketi. Kama soketi yenyewe ndo inawaka, usiiguse na usivute plagi, nenda kwenye boksi. Hapo usihangaike kutafuta breka ya sebule ni ipi, shusha mein swichi nzima. Mkono mkavu, ndala miguuni, simama pembeni ya boksi na sio uso kwa uso nalo, shusha mara moja kwa nguvu, uso umegeuza. Sababu ya kusimama pembeni ni kwamba swichi mbovu ikikatwa wakati umeme mwingi unapita inaweza kurusha mwanga na chembe za moto. Halafu hakikisha, angalia taa na feni za chumba kile zimekufa kweli.

Kuna vitu vitatu vinawadanganya watu hapo.

Cha kwanza, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima. Watu wanasema aa si umekatika, mwaga maji. Unarudi dakika yoyote, na unaweza kurudi wakati umesimama kwenye maji. Hata kama mtaa mzima ni giza, mein swichi ishushwe.

Cha pili, sola. Siku hizi nyumba nyingi huku kwetu mpaka vijijini Newala na Nachingwea zina paneli, betri na inveta. Mein swichi haizimi hiyo. Inveta ina swichi yake na betri ina kikata chake, na paneli zilizoko juu ya bati jua likiwaka zinaendelea kutoa umeme mpaka giza liingie, hata ukate nini. Kama moto uko kwenye waya za sola mchana, uchukulie kuwa ni moto wenye umeme wakati wote. Jenereta nalo lizimwe kwenye injini yake.

Cha tatu ndo cha hatari zaidi, moto ukiwa kwenye mein swichi yenyewe au kwenye mita. Waya unaotoka kwenye nguzo kuja mita ya LUKU mpaka kwenye mein swichi hauna kitu nyumbani kwako kinachouzima. Ukishusha mein swichi, upande wa juu wake bado una umeme kamili. Kwahiyo boksi likiwa linawaka au limeanza kuyeyuka au linanguruma kama nyuki, usilisogelee kulizima, hapo hapana kukata. Kama una CO2 au poda na mlango uko nyuma yako unaweza kupuliza mara moja kutoka mbali kadiri mtungi wako unavyofika, ila cheche zikiendelea mwali utarudi, usipigane nao. Toa watu nje, piga 114 Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mpigie shirika la umeme waje wakate kwenye nguzo. Waambie zimamoto wazi kuwa umeme haujakatwa, na uwaambie kama kuna sola juu.

Na kuna wakati hakuna cha kuchagua hata kidogo. Mwali ukifika silingibodi, au moshi ukiwa umeshuka mpaka kichwani mwako, au mtungi mmoja umeisha na moto haujafa, toka. Nyumba ya makuti toka mapema zaidi, usisubiri hata kujaribu, kuti likishika hakuna mtungi wa kilo moja utakaolifuata huko juu. Funga mlango wa chumba kinachoungua wakati unatoka, unaupunguzia moto hewa.

Haya, ununue upi. Kama hela ni ya mtungi mmoja kwa nyumba ya kawaida, mimi nasema poda ya ABC kilo 2 mpaka 3, kwasababu mtu mzima yeyote wa nyumba anaubeba na unafaa kwa umeme na kwa kochi vilevile. Kama una duka la simu, stesheneri, au chumba cha kompyuta, hapo CO2 ya kilo 2 inajilipa, na sababu yake niliiona kwa shangazi. Ile poda ya ABC ikikutana na unyevu inakuwa inakula chuma, na hewa ya Mikindani imejaa unyevu na chumvi. Friji yake haikuungua, ilipata vumbi la poda tu nyuma kwenye mabomba, wakafuta kwa juujuu, baada ya wiki kadhaa kutu imeshika na kwenye viunganisho vya waya kuna ukijani. Ukitumia poda, siku hiyohiyo au kesho yake futa kwa brashi kavu kwanza, halafu kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu, na vifaa viwe vimechomolewa.

Ukifika dukani, mtungi wa poda una geji ndogo, mshale lazima uwe kwenye kijani. Wa CO2 hauna geji, watu wanadhani ni mbovu, hapana, huo unapimwa kwa mizani: uzito umeandikwa kwenye mwili wake, na gesi ikipungua zaidi ya asilimia 10 urudishwe kujazwa. Angalia pini na kamba ya lakiri, angalia kitako, huku pwani kutu inaanzia chini pale mtungi unapogusa sakafu, kwahiyo utundike ukutani. Na usiutundike jikoni wala nyuma ya TV, yaani pale moto unapotegemewa kuanza, uweke karibu na mlango wa kutokea au koridoni jirani na mein swichi, ili ukikimbilia kimoja unakutana na kingine. Shangazi saivi vyote viwili viko koridoni, hatua nne kutoka chumbani kwake, na amebandika karatasi kwenye boksi kuonyesha swichi inashuka upande gani.

Moto ukishakufa, usirudishe mein swichi kuangalia kama umeme upo. Soketi ya ukutani ilipochomekwa ile ekstensheni niliifungua kesho yake, nje ilikuwa nyeupe safi tu imelamba poda, ndani waya wa laini umekakamaa mweusi karibu urefu wa kiganja, plastiki yake inapukutika ukiigusa. Wangewasha usiku ule ule, shoti ya pili ingekuwa ndani ya ukuta. Nilikata kile kipande chote, nikavuta waya mpya wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye boksi, nikaweka soketi mbili za ukutani, moja ya friji peke yake na moja ya TV, na jagi na pasi zikahamia jikoni kwenye soketi yao, haziwashwi pamoja.